"Mama, uko na bwana?" Kujibu maswali ya nyumbani mbele ya anayeajiri Lubumbashi

Mahojiano ya kazi Lubumbashi huendeshwa kwa Kifaransa karibu mpaka mwisho. Wanauliza masomo, kazi za zamani, kompyuta, mshahara unaoutaka. Halafu anayehoji anafunga faili, anajiegemeza kwenye kiti, anaingia kwenye Kiswahili: "Mama, uko na bwana? Batoto bangapi?" Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wengine wanalegea kwa kuwa lugha ya nyumbani imefika, wanasimulia maisha yao yote. Wengine wanakasirika kwa kuwa wanahisi wanachunguzwa, wanajibu kwa ukali. Wote wawili wanatoka mlangoni wakiwa wamepoteza kitu.

Tumfuate dada mmoja kuanzia simu ya kwanza mpaka siku ya mkataba. Ana miaka 31, ni mhasibu, ameolewa, ana mtoto wa miaka miwili, anaishi Katuba. Kazi anayoitafuta ni ya kampuni inayohudumia migodi. Ofisi iko Lubumbashi, lakini hesabu za kufunga mwezi ziko Kolwezi, kiasi cha kilomita 300 kwa barabara, na anayefunga hesabu anatakiwa kulala huko siku kadhaa. Anayemhoji kwanza si kampuni yenyewe, ni wakala anayetafutia kampuni watu. Wakala huyo hajazi nafasi moja tu. Mwaka huu ana nafasi ya mhasibu, mwakani atakuwa na ya mtunza ghala, na majina ya watu aliowahi kuwahoji hayamtoki. Ndiyo maana jibu la swali la nyumbani lina uzito kuliko kazi yenyewe moja: unaweza kuikosa nafasi hii na bado ukabaki mtu anayepigiwa simu.

Kabla ya kufika kwenye majibu, ni lazima kuelewa kwa nini swali linaulizwa, kwa sababu jibu zuri linatoka hapo. Kwa sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, mwajiri hamwajiri mtu peke yake kwa upande wa gharama. Matibabu ya mfanyakazi yanamhusu mwajiri, na ya mwenza wake na watoto wanaomtegemea pia. Mama anapojifungua ana haki ya likizo ya wiki 14 mfululizo, zisizozidi nane zikiwa baada ya kujifungua na sita kabla, na katika muda huo anaendelea kupata theluthi mbili za malipo yake. Kwa hiyo anayeuliza "batoto bangapi" mara nyingi anapiga hesabu mbili kichwani: bili za hospitali, na nani atafanya kazi mama akiwa hayupo. Ya tatu, kwa kazi kama hii ya Kolwezi, ni kama nyumbani watamwachia aende.

Wapo pia wanaouliza kwa sababu ya desturi tu. Kwetu kumuuliza mtu habari za nyumbani ni sehemu ya salamu, na kumkatalia mkubwa wako jibu la "nyumbani wanaendeleaje" ni kumtukana. Namna ya kutofautisha ni kuangalia kalamu. Akiuliza huku amefunga daftari na anaelekea kukuaga, ni salamu, na jibu fupi la uchangamfu linatosha: "Wote wazima, Papa, namshukuru Mungu." Akiuliza huku kalamu iko kwenye karatasi, au swali linalofuata ni "na nani anamlinda mtoto ukisafiri?", basi ni sehemu ya mtihani, na lijibu kama mtihani.

Makosa ya dada yetu yalianza kwenye simu. Wakala alimpigia saa tano asubuhi kuthibitisha siku ya kuonana, akauliza kwa wepesi: "Umri gani, mama? Umeolewa?" Alijibu kwamba ameolewa, kwamba mumewe anafanya kazi ya muda tu, kwamba mtoto hulelewa na mama mkwe aliyeko Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi, si nchi, na kwamba mama mkwe ameanza kuugua miguu. Maswali mawili, majibu mengi. Hakuna neno la uongo hapo, lakini wakala aliondoka na picha ya mtu ambaye mtoto wake anaweza kukosa mlezi siku yoyote. Aliyeuliza hakuomba habari za miguu ya mama mkwe.

Ukishatoa maneno mengi hivyo, huwezi kuyarudisha, na kutuma ujumbe wa kujieleza ni kuyachimba zaidi. Kinachosaidia ni kuweka juu yake jambo la kazi linaloizima hofu hiyo. Dada alifanya hivyo siku ya mahojiano, kama tutakavyoona.

Kuhusu umri ni afadhali kuwa mwepesi. Usiufiche. Kadi ya mpiga kura, ambayo wengi wetu ndiyo kitambulisho, ina tarehe ya kuzaliwa, na diploma ina mwaka wake. Kumzungusha mtu juu ya kitu ambacho ataletewa nakala yake kesho ni kumwonyesha kwamba unamwona mjinga. Sema namba, kisha unganisha na kazi bila kupumua katikati: "Nina miaka 31, na 7 kati ya hiyo nimekuwa kwenye uhasibu." Mwenye miaka 48 anayehojiwa na kijana wa miaka 30 aelewe hofu ni nyingine: je, atakubali kuongozwa na mdogo wake? Asijibu kwa kusema bado ana nguvu, kwa sababu hakuna aliyeuliza nguvu. Ataje kiongozi mdogo kwake aliyewahi kufanya naye kazi, na walichokimaliza pamoja. Na amwite huyo kijana "shefu" kama anavyomwita mwingine yeyote mwenye nafasi hiyo. Wanaume wasiooa nao huulizwa, "Kwa nini bado hujaoa?", kwa dhana kwamba asiye na familia huhama kazi haraka. Kwake jibu ni muda aliokaa kwenye kazi zilizopita, siyo habari za mchumba.

Sasa fomu. Wakala wengi wanatoa karatasi ya kujaza kabla ya kuingia ndani, ikiwa na nafasi ya hali ya ndoa, idadi ya watoto, wakati mwingine na tarehe zao za kuzaliwa. Hali ya ndoa ijaze ukweli. Si siri, na pete iko kidoleni. Kwa majina na tarehe za watoto, dada aliandika "nitatoa kwenye mkataba". Kuacha wazi kunafanya ionekane hukuona au unaficha. Maneno hayo matatu yanaonyesha kwamba umesoma na unajua mahali pa habari hiyo.

Na kweli mahali pake ni mkataba. Kifungu cha 212 cha sheria hiyo ya 2002 kinataja mambo ambayo mkataba wa maandishi lazima uwe nayo, na kati yake ni tarehe ya kuzaliwa ya mfanyakazi, jina la mume au mke, na jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto anayemtegemea. Watu wengi hawajui hili, na ndilo linalobadilisha namna yote ya kujibu. Mwajiri atazijua habari zako zote za nyumbani, kwa haki, wiki chache baadaye. Swali ni la wakati tu. Kutoka hapo mambo mawili yanafuata. La kwanza, usidanganye hata kidogo. Aliyesema hana mtoto kwenye mahojiano atatakiwa kumwandika mtoto huyo kwenye mkataba mbele ya mtu yuleyule, au amnyime mtoto wake matibabu kwa kutomwandika. La pili, unaweza kuahirisha bila kuonekana mjeuri, kwa kuwa unaahirisha kwenda kwenye siku inayojulikana.

Turudi ndani ya ofisi, siku ya mahojiano. Mkuu wa wafanyakazi wa kampuni alikuwepo siku hiyo pamoja na wakala. Ni mtu wa makamo, na dada alimwita Papa. Kalamu ilikuwa mkononi aliposema, "Mama, hapa wanasema una mtoto mdogo. Kolwezi utaweza?"

Maneno "hapa wanasema" yalimwonyesha kwamba yale ya kwenye simu yalikuwa yameandikwa. Angeweza kuanza kueleza tena habari za mama mkwe, tena kwa kurekebisha. Badala yake alijibu hivi: "Ndiyo, Papa, nina mtoto, na nyumbani tumeshapanga. Kazi yangu ya mwisho ilinitaka Likasi siku nne kila mwisho wa mwezi, kwa miaka miwili, na hakuna mwezi niliokosa. Hapa Kolwezi ni siku ngapi, na tarehe zinajulikana mapema?"

Jibu hilo lina sehemu tatu, na mpangilio wake una sababu. Kwanza limekubali swali kwa maneno machache, "ndiyo, nina mtoto, tumeshapanga". Aliyeuliza hajisikii amefungiwa mlango, lakini hajapewa jina la mlezi, afya yake, wala kazi ya mume. Pili limegusa hofu yenyewe, yaani kama atafika Kolwezi, kwa kitu kinachoweza kuthibitishwa: aliyemwajiri zamani akipigiwa simu atasema kama ni kweli. Tatu limemaliza kwa swali la kazi, na swali hilo linamlazimu anayehoji kuzungumza juu ya ratiba. Mazungumzo yakishahamia kwenye tarehe na gari la kwenda Kolwezi, ni vigumu kuyarudisha kwenye tumbo la mtu.

Asiye na kazi ya zamani ya kusafiri atumie kitu kingine chenye namba: mwaka mzima wa masomo bila kukosa mitihani, mafunzo ya kazini ya miezi mitatu aliyoyamaliza, huduma ya kanisani yenye zamu. "Mimi ni mtu wa kujituma" halitoshi, kwa sababu hakuna wa kumpigia simu kuthibitisha.

Kisha likaja lile gumu: "Na mtoto wa pili, unapanga lini?"

Hapa kuna mtego ambao akina dada wema huingia kwa nia nzuri kabisa. Wanasema, "Si sasa, Papa, nitangoja miaka mitatu." Ahadi hiyo haina nguvu kwa sheria. Sheria hiyohiyo, kwenye kifungu cha 62, inasema mimba, kujifungua, hali ya ndoa na majukumu ya familia si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Lakini kati ya watu wawili ahadi ina nguvu sana. Mimba ikija mwaka wa pili, yule mkubwa hatafikiri juu ya kifungu, atafikiri kwamba alidanganywa, na uhusiano utavunjika kwa jambo ambalo halikuwa kosa. Pia si ahadi ya mtu mmoja. Mume hakuwepo, na tumbo halisomi kalenda.

Upande wa pili, kumwambia "swali hilo si halali" kunamfanya ajitetee mbele ya wakala. Hata kama una haki, umemwaibisha mkubwa mbele ya mwenzake, na hilo halisahauliki mjini hapa. Dada alijibu kwa sauti ya kawaida, bila kutabasamu sana na bila kukunja uso: "Hilo, Papa, nimeliachia Mungu na nyumbani kwangu. Ila ninachojua, hesabu za mwisho wa mwezi hazingoji mtu. Kila nilipofanya kazi nimeandika hatua za kufunga mwezi kwenye daftari moja, na nimemfundisha mwenzangu mmoja. Nilipojifungua huyu wa kwanza, aliyeshika nafasi yangu alifunga mwezi bila kunipigia simu."

Sentensi ya kwanza ndiyo inayozuia, na inazuia kwa lugha ambayo mtu wa Lubumbashi hawezi kuipinga bila kuonekana hana adabu. Zinazofuata ndizo zinazojibu. Kumbuka hofu yenyewe ni wiki 14 za kiti kitupu. Mtu anayeweza kueleza jinsi kiti kilivyojazwa mara ya kwanza amejibu zaidi ya aliyetoa ahadi. Maneno hayo hayafai kwa asiyewahi kuyafanya, na anayeyatamka awe tayari kuulizwa daftari hilo lilikuwa na nini.

Akirudia mara ya tatu? Inatokea. Jibu fupi zaidi, palepale, bila maelezo mapya: "Kwa sasa sina la kusema juu ya hilo, Papa. Nitafurahi kueleza zaidi juu ya kazi." Kisha kunyamaza. Watu wanaharibu hapa kwa kujaza ukimya. Mkubwa anayeendelea baada ya hapo amekuonyesha jinsi ofisi yake itakavyokuwa ukiwa ndani, na hilo nalo ni habari ya kuipima unapopewa kazi.

Kuna wanaohojiwa wakiwa tayari na mimba ambayo haijaonekana. Wanauliza kama ni lazima kusema. Kifungu cha 128 kinakataza kumtaka mwanamke anayeomba kazi apime mimba au alete cheti kinachosema anayo au hana, isipokuwa kwa kazi ambazo wajawazito au wanaonyonyesha wamekatazwa, au zenye hatari kwao. Kwa kazi ya ofisini, basi, hulazimiki. Kwa kazi ya maabara ya mgodini, penye asidi, hali ni nyingine, na usalama wako na wa mtoto unatangulia kazi yoyote. Kwa ofisini ushauri wangu ni kusema baada ya kupewa nafasi kwa maandishi na kabla ya kutia saini, kwa mtu mmoja, uso kwa uso, ukiwa na tarehe inayokadiriwa na namna unavyoona kazi itaendelea. Ni njia yenye hasara: kuna atakayechelewesha mkataba. Lakini kipindi cha majaribio kinaweza kufika miezi 6 kwa mwenye ujuzi, na tumbo litaonekana ndani yake, siku ambayo hujapata bado mtu wa kukutetea humo ndani. Anayechagua kunyamaza yuko ndani ya haki yake, ila ajue ni mwezi gani atasema, na asingoje aambiwe na wengine.

Ukitumwa kwa daktari wa kampuni kupimwa kama unafaa kazi, hilo ni la kawaida, na mkataba wenyewe unahitaji kuthibitishwa na daktari. Ukiombwa mkojo au damu, uliza kwa upole: "Daktari, kipimo hiki kinatafuta nini?" Wengi watajibu sukari, figo, au ugonjwa fulani. Akisema mimba na kazi ni ya mezani, sema ungependa kuongea kwanza na mkuu wa wafanyakazi. Usigombane na muuguzi, hakuliandika yeye hilo agizo.

Jioni ya mahojiano dada alimtumia wakala ujumbe wa Watsapu, sentensi tatu: "Habari za jioni, Papa. Asante kwa kunipokea leo na kwa maelezo ya ratiba ya Kolwezi. Nimethibitisha kwamba siku tano za mwisho wa mwezi ninaweza kuwepo huko, kuanzia mwezi wa kwanza wa kazi." Hakuna neno juu ya maswali ya nyumbani, wala la kulalamika wala la kuomba radhi. Ule ujumbe ndio uliofunika simu ya miguu ya mama mkwe: kwenye kumbukumbu ya wakala sasa kuna siku tano, zimethibitishwa. Angeukosa mkataba, ujumbe ungekuwa na mstari mmoja zaidi wa kusema yuko tayari kwa nafasi nyingine, na wakala angekuwa na sababu ya kumpigia.

Wiki tatu baadaye aliitwa kutia saini. Alikuja na bahasha yenye nakala ya cheti cha ndoa na ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa sababu bila karatasi hizo matibabu ya familia na posho ya watoto ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, huchelewa. Mkuu wa wafanyakazi alimsogezea mkataba, kwenye mstari wa familia. Dada aliandika jina la mume wake, chini yake jina la mtoto, siku, mwezi na mwaka, akauliza kama kadi ya hospitali ya mtoto itatolewa Lubumbashi au Kolwezi.